Mchumba wa Mtandaoni na Kifurushi Kilichokwama Forodhani

Ujumbe wa kwanza huwa mfupi na wa heshima. "Habari za asubuhi, dada. Nimeona picha yako ukiwa na kwaya, nikamkumbuka marehemu mama yangu, naye alipenda sana kuimba." Hana papara wala maneno machafu. Aliyezoea kusumbuliwa na wanaume wa mtandaoni wanaoanza na "mambo mrembo" humwona huyu kuwa mtu mzima mwenye adabu zake, akamjibu.

Tumchukue mwalimu wa shule ya msingi huko Mwanza, mjane mwenye miaka hamsini na kidogo. Tumwite Mama Neema. Ni mtu wa kubuni, ila hatua zinazomkuta hapa zimewakuta wengi Tanzania na Kenya, kwa mpangilio huuhuu na wakati mwingine kwa maneno haya haya. Ukurasa wake wa Facebook uko wazi kwa yeyote. Humo kuna picha za kwaya, amevaa joho la bluu na kusimama upande wa sauti ya pili. Kuna miche ya parachichi aliyoipanda nyuma ya nyumba. Kuna kumbukumbu ya marehemu mumewe, shabiki wa Simba, inayorudi kila mwaka tarehe ileile, na chini yake ndugu na majirani wameandika pole zao. Kuna binti yake siku aliyohitimu chuo.

Anayemwandikia anasema ni Mskoti, mhandisi wa visima vya mafuta baharini, mfiwa, mwenye binti mmoja. Katika wiki ya kwanza inajulikana kwamba aliimba besi kanisani ujanani. Ikifika wiki ya pili ana bustani kwao na ndoto yake ni kustaafu sehemu yenye joto apande matunda. Baadaye kidogo inatokea kwamba hata Simba anaifuatilia, rafiki yake mmoja wa kazini alimfundisha. Mama Neema anajiuliza itakuwaje mtu wa mbali hivyo afanane naye namna hii. Anaona ni Mungu.

Kazi iliyofanyika hapo ni ya nusu saa. Mtu amekaa na ukurasa ule, akasoma picha moja baada ya nyingine pamoja na maoni yaliyo chini yake, akaandika pembeni: kwaya, parachichi, mjane, binti mmoja, Simba. Kisha anarudisha kimoja kimoja, kwa siku tofauti, kana kwamba vinatoka moyoni mwake. Kile ambacho hakikuwa ukurasani Mama Neema alimpa mwenyewe kwenye mazungumzo ya usiku, na baada ya siku mbili tatu kikarudi kikiwa kimevaa nguo nyingine. Monica Whitty, mtafiti wa saikolojia aliyewahoji watu wengi waliotapeliwa hivi Uingereza, aliandika mwaka 2013 kuhusu hatua za utapeli huu, na hatua hii ya kumlea mtu taratibu kabla ya kumwomba chochote ameipa uzito mkubwa. Inaweza kuchukua wiki, inaweza kuchukua miezi. Tapeli mzuri hana haraka ya pesa. Haraka yake ni ya ukaribu: siku ya nne anakuita malkia, siku ya kumi anazungumzia ndoa.

Hapa tuwe waangalifu, maana kila anayetongoza hujifananisha kidogo. Kijana anayemtaka binti wa watu anaweza kugundua ghafla kwamba na yeye ni mpenzi mkubwa wa taarabu, na wakaoana wakaishi vizuri. Kufanana peke yake si ushahidi wa lolote. Cha kuangalia ni upande ambao habari zinatoka. Pitia mazungumzo yenu kuanzia juu, bila haraka, mchana na si usiku, kisha ujiulize: katika haya tunayofanana, ni lipi alilolisema yeye kwanza kabla sijalisema mimi wala kuliweka ukurasani? Ukikuta kila kitu kilianzia kwako, basi hujamjua mtu bado. Umesomewa ukurasa wako mwenyewe.

Njia ya kumpima ni kumuuliza kabla hujamwambia, kisha kuchimba. Mtu aliyeimba besi kwa miaka kumi ana manung'uniko yake. Atakusimulia habari za mwalimu wa kwaya aliyekuwa mkali, wimbo aliouchukia kwa sababu unashuka mno, mzee wa pembeni yake aliyekuwa akiimba nje ya sauti na hakuna wa kumwambia. Anayepanda parachichi atalalamikia wadudu na miche iliyokufa. Kupenda kitu kwa kweli huja na adha zake, na adha hizo ndizo tapeli hana, kwa kuwa kwenye ukurasa wako hazikuandikwa. Yeye ana sifa tupu. Ukimuuliza swali la ndani atakujibu kwa maneno matamu ya jumla, au atakurudishia swali: "Na wewe je, mpenzi?" Tena angalia kama amewahi kukupinga. Watu wawili wazima, mmoja wa Mwanza na mwingine wa Skoti, waongee wiki tatu wasitofautiane hata juu ya chai, hilo nalo ni ajabu.

Zamani Kiswahili kilikuwa kinawaumbua. Ujumbe ulikuja umetafsiriwa na mashine, unanuka ugeni tangu neno la kwanza. Siku hizi mashine zimejifunza, na mara nyingi anayeandika ni mtu wa huku huku. Usitegemee tena makosa ya lugha.

Wala usitegemee sana picha na simu, ingawa kuzikagua ni lazima. Picha unaweza kuitafuta kwa Google Lens ukaona imetumika wapi kwingine. Ikijitokeza na jina jingine, la daktari wa Kanada au mwanajeshi fulani, umemaliza kazi, kwa sababu matapeli huiba picha za watu halisi ambao hawajui lolote. Ila isipojitokeza, hujathibitisha kitu. Picha iliyogeuzwa kushoto kulia, iliyotolewa kwenye akaunti iliyofungwa, au iliyotengenezwa na kompyuta inaweza isipatikane kabisa. Namba inayoanza na +44 ni ya Uingereza, lakini namba ya namna hiyo hupatikana mtandaoni na mtu akaitumia akiwa popote. Hata kumwona kwenye video si kinga kama ilivyokuwa, maana sura sasa zinaweza kubandikwa. Mwaka 2025 Ufaransa ilishtushwa na habari za mwanamke aliyetumiwa picha za kutengenezwa za mwigizaji Brad Pitt, zikiwemo za akiwa kitandani hospitali, akaishia kupoteza takriban euro 830,000. Watu walimcheka sana. Waliomcheka hawakuuliza ombi la kwanza la pesa lilikuwa nini: lilikuwa ushuru wa forodha wa zawadi alizoambiwa ametumiwa.

Ushuru huo wa forodha ndio tunaoufahamu zaidi huku kwetu.

Mwezi wa pili, mhandisi anamwandikia Mama Neema kwamba yuko karibu kumaliza mkataba na amemnunulia zawadi. Anatuma picha: kompyuta mpakato, simu mpya, mkufu, viatu, marashi, vyote vimepangwa kitandani kando ya boksi. Inafuata picha ya risiti ya kampuni ya usafirishaji, yenye nembo, namba ya kifurushi, na tovuti ya kufuatilia. Mama Neema anaingia kwenye tovuti, anaandika namba, anaona kifurushi kimetoka London, kimepita Dubai, kimefika Dar es Salaam. Tovuti hiyo imetengenezwa na walewale. Anwani yake imefanana na ya kampuni ya kweli ila kuna herufi imezidi, au mwisho wake ni tofauti.

Siku ya tatu simu inaita, namba ya Tanzania, sauti ya mwanamke, Kiswahili safi kisicho na doa. "Shikamoo mama. Napiga kutoka ofisi ya mizigo, uwanja wa ndege wa Julius Nyerere. Una kifurushi chako hapa kutoka Uingereza." Kifurushi kinadaiwa Sh 780,000 za ushuru na uhifadhi, zilipwe leo kabla ya saa kumi, la sivyo gharama zinapanda. Anapewa namba ya simu ya kutumia pesa.

Tazama ombi lilivyosukwa. Mpenzi hajaomba hata senti. Amefanya kinyume, ametoa. Anayedai ni "serikali", na serikali hudai kila siku. Mama Neema haoni kwamba anampa mwanamume pesa, anaona kwamba anagomboa mali yake mwenyewe yenye thamani kubwa kuliko hizo laki saba na themanini. Na akimuuliza mhandisi, atapigwa na butwaa, aombe radhi, aseme alidhani amelipia kila kitu, na aahidi kumrudishia akifika. Sauti mbili zinazojifanya hazijuani zinamsukuma upande mmoja.

Kinachoweza kumwokoa dakika hiyo ni kujua forodha inavyofanya kazi. Malipo ya serikali Tanzania hufanywa kwa namba maalumu ya kumbukumbu ya malipo, ile watu wanayoiita kontroo namba, iwe unalipa benki au kwa simu. Ukiingiza namba hiyo, kinachotokea ni malipo ya taasisi, si jina la mtu. Kodi ya forodha haitumwi kwenye laini ya simu ya mtu binafsi, hata kama mtu huyo anaitwa mhasibu, wakala au meneja. Kenya nako malipo ya serikali yana njia zake rasmi na hayaendi kwenye simu ya ofisa. Wakala wa forodha wa kweli yupo, na ada yake hulipwa kwake, lakini huyo humtafuta wewe, unaijua ofisi yake, na ana leseni. Wakala aliyekutafuta yeye kwa kifurushi ambacho hukukiagiza hana kazi na wewe.

Halafu kuna skrini ya simu. Kabla hujabonyeza namba ya siri, huduma nyingi za pesa za simu hukuonyesha jina la atakayepokea. Mama Neema analiona pale: jina la mtu, la kike, la kawaida kabisa. Anasita. Anampigia yule dada, naye ana jibu tayari: huyo ni mhasibu wetu, mfumo umesumbua tangu asubuhi. Wengi waliotapeliwa waliona jina hilo na wakasita. Kusita kwao kulikuwa sahihi. Kosa lilikuwa kumuuliza yuleyule anayeshukiwa.

Ningeliweka jambo hili mbele ya ishara nyingine zote. Kila kitu ambacho Mama Neema amehakiki hadi sasa, amekihakiki kwa njia aliyopewa nao. Tovuti ya kufuatilia kifurushi ametumiwa na mhandisi. Namba ya ofisi ya mizigo imempigia yenyewe. Maelezo ya jina kwenye skrini yametoka kwa mpokeaji wa pesa. Angeandika mwenyewe jina la kampuni ya usafirishaji na kuingiza ile namba kwenye tovuti halisi, isingetambulika. Angekwenda kwenye ofisi ya Mamlaka ya Mapato pale Mwanza na ile picha ya risiti, mtu wa dirishani angemwambia hapo hapo. Gharama yake ni nauli ya daladala.

Lakini amelipa. Na ndipo mambo yanapokuwa mabaya, kwa sababu aliyelipa mara moja ana kitu cha kutetea. Kesho yake dada wa ofisi ya mizigo anapiga, sauti imebadilika, imekuwa nzito. Mashine ya ukaguzi imeonyesha ndani ya boksi kuna pauni 40,000 taslimu. Mhandisi anakiri kwa aibu: alitaka kumshangaza, ni mtaji wa kununua kiwanja. Sasa kinahitajika cheti cha kuthibitisha kwamba si fedha haramu, Sh 2,400,000. Cheti cha namna hiyo hakiuzwi forodhani. Fedha taslimu zilizofichwa kwenye mzigo ni kosa, na haziachiwi kwa kulipa laini ya simu. Mama Neema anakopa kwenye kikoba chao. Baada ya wiki inakuja faini ya Sh 3,900,000, na safari hii kuna kitisho: asipolipa, polisi watamfuata kwa kuwa jina lililo kwenye kifurushi ni lake. Mapenzi yalimwingiza, woga unambakisha. Jumla imefika Sh 7,080,000.

Kwa nini mtu mwenye akili zake analipa mara ya tatu? Whitty anaeleza kwamba kinachomshika mtu hapo kinafanana na kinachomshika mcheza kamari aliyekosa kidogo tu: ushindi uko karibu mno kuachwa. Kifurushi kimebakiza mhuri mmoja. Ukiacha sasa, hupotezi hizi milioni mbili tu, unapoteza na zile za kwanza, unampoteza mhandisi, na unalazimika kukiri kwamba ile miezi miwili ya kuambiwa "umelala vizuri?" kila asubuhi haikuwa kweli. Nadhani hilo la mwisho ndilo gumu kuliko pesa, hasa kwa mtu ambaye hajaulizwa swali hilo tangu amzike mumewe.

Si wote wanaopigwa kwa vifurushi. Kuna mwanajeshi wa Marekani anayehitaji pesa za kuomba likizo au kibali cha kuoa, ingawa jeshi la Marekani limeonya mara nyingi kwamba askari wake hawalipii likizo, na wala mchumba wake halipii. Kuna anayekufundisha kuwekeza kwenye sarafu za mtandaoni, na faida unaiona kwenye skrini ila huitoi. Wanaume nao wana yao: dada wa Tanga anayeomba nauli aje Dodoma, basi linaharibika njiani, mama anaugua, nauli inaliwa. Watu hucheka habari za kula nauli, na kiasi chenyewe huwa kidogo, lakini mjengo ni mmoja: amependa unachopenda, hapatikani ana kwa ana, na kati yenu kuna kizuizi kinachoondolewa kwa pesa. Marekani, ambako watu huripoti zaidi, mwaka 2022 karibu watu 70,000 walieleza kutapeliwa kimapenzi, na hasara yao ilifika dola bilioni 1.3.

Kama anayelipa ni mama yako au shangazi yako, jihadhari na namna ya kulianza. Tapeli ameshakutangulia. Amemwambia kitambo kwamba watoto hawatapenda, kwamba watu wana wivu, kwamba ndugu wataogopea urithi. Ukiingia kwa kelele, "Mama, umetapeliwa, huoni?", umetimiza utabiri wake, na usiku huo mama atamwandikia yeye, si wewe. Nimeona inayosaidia zaidi ni kuomba jambo moja dogo lisilo na hukumu ndani yake: "Mama, twende wote mapato kesho asubuhi tukakiulizie hicho kifurushi, nami nitakupeleka." Kama kipo, mtarudi nacho. Mwambie tu asimtaarifu mtu kwanza. Mtu wa dirishani hana wivu wala urithi, na maneno yake yanaingia pale ambapo ya mwanao hayaingii.

Pesa ikishatumwa, saa ya kwanza ina thamani kubwa. Piga huduma kwa wateja ya mtandao wako mara moja, uwape kumbukumbu ya muamala na uombe uzuiwe. Ikishatolewa kwa wakala, kampuni haina cha kurudisha. Tanzania, namba za matapeli huripotiwa kwa ujumbe wa bure kwenda 15040. Kenya, wateja wa Safaricom hutuma namba hizo kwenda 333. Kisha nenda polisi, kwa kuwa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na Kenya chini ya sheria yao ya mwaka 2018. Usifute mazungumzo kwa hasira au aibu. Mhandisi na namba yake ya Uingereza huenda wasipatikane kamwe, lakini laini iliyopokea pesa ni ya hapa nyumbani, imesajiliwa kwa alama za vidole za mtu fulani, na pesa zilitolewa mahali fulani saa fulani. Wapelelezi huanzia hapo.

Miezi michache baadaye Mama Neema atapigiwa simu tena. Safari hii ni mwanamume anayejitambulisha kuwa ofisa wa upelelezi wa kimataifa. Anajua tarehe zote, anajua kiasi kamili, Sh 7,080,000, hadi senti. Wamewakamata, anasema, na fedha zake zimepatikana, zinasubiri tu ada ya Sh 350,000 ya kufungulia faili. Anajua kiasi hicho kwa sababu ni kundi lilelile, au limeuza orodha yake ya waliolipa kwa kundi jingine.